Miwani na kofia kwenye foto ya mzee: kwa nini vinakaa upande, na namna ya kuvikalisha

Kwenye matanga, foto ya marehemu ndiyo kitu cha kwanza ambacho watu wanaangalia wakiingia uani. Na mara nyingi foto hiyo ni ile iliyopatikana, siyo ile ambayo familia ingeitaka. Mzee alivaa miwani miaka ishirini, Lubondja nzima inamjua na lineti zake za fremu nyeusi, lakini foto moja tu iliyobaki katika telefone ya mtoto wake inamuonyesha bila miwani, shingo imelalia bega kidogo. Ndiyo maana wapiga foto wa Baraka na Fizi wanaletewa ombi lilelile: tuwekee miwani. Au: tuwekee kofia yake.

Ombi si la ajabu. Miwani inaweza kuwa sehemu ya uso kabisa. Patrice Lumumba anatambulika kwa miwani yake hata kwenye mchoro wa mistari mitano, na Mobutu kwa fremu yake nyeusi na kofia ya ngozi ya chui. Mtoto akichora Lumumba bila miwani, itabidi aandike jina chini. Mzee wa kijijini naye ana alama yake, hata kama wanaoijua ni watu mia mbili tu.

Tatizo linakuja foto ikishatoka kwenye mashine. Miwani iko pale, macho yako nyuma yake, lakini kitu hakikai. Wajukuu wanacheka kidogo, mjane ananyamaza. Mara nyingi kosa si la rangi wala la mashine. Ni kwamba miwani imenyooka huku kichwa kimeinama, au imegeuzwa kidogo lakini haikusogezwa pahali pake.

Kichwa kinaenda njia tatu

Kabla ya kugusa chochote, inafaa kuangalia foto na kujiuliza kichwa kimefanya nini. Kinaweza kulalia bega, yaani jicho moja linakuwa juu kuliko jingine. Kinaweza kugeukia kando, yaani sikio moja linaonekana na lingine linajificha. Na kinaweza kushusha au kuinua kidevu.

Ni njia ya kwanza tu ambayo inatengenezwa kwa kuzungusha miwani kwenye ekra. Hizo nyingine mbili zinabadilisha umbo la miwani yenyewe, na hapo vidole viwili kwenye telefone havitoshi. Kwa bahati nzuri, ile ya kwanza ndiyo inayoonekana zaidi kwenye foto za nyumbani, kwa hiyo tuanze nayo.

Mstari wa mboni

Dawa ni mstari mmoja. Chora mstari mwembamba kutoka katikati ya mboni moja ya jicho mpaka katikati ya mboni ya pili. Mstari huo unasema mambo mawili kwa pamoja: kichwa kimelala kiasi gani, na miwani inatakiwa kuwa kubwa kiasi gani. Usipime kwa nyusi, kwa sababu nyusi moja inaweza kuwa juu kuliko nyingine. Usipime kwa mdomo pia.

Tuchukue mfano wenye hesabu. Kwenye ordinatere, programu ya bure GIMP inaonyesha chini ya ekra ni nukta gani kishale kimesimama. Tuseme mboni ya kushoto kwa anayetazama iko kwenye 412 kwa 530, na ya kulia iko kwenye 588 kwa 483. Namba ya kwanza inahesabiwa kutoka kushoto, ya pili kutoka juu kwenda chini. Kwa hiyo kati ya mboni kuna nukta 176 za upana, na jicho la kulia liko juu kwa nukta 47. Kalkuleta ya telefone yenye kitufe cha tan⁻¹ inatoa jibu:

```
tan⁻¹(47 ÷ 176) ≈ 15
```

Kichwa kimelala digrii 15. Urefu wa mstari wenyewe, kutoka mboni hadi mboni, ni nukta 182. Asiyetaka hesabu atumie kipimo cha GIMP: anabonyeza Shift+M, anavuta mstari kati ya mboni mbili, na programu inampa urefu na pembe yote pamoja.

Sasa ukubwa. Kwa watu wazima wengi, kutoka mboni hadi mboni ni karibu milimita 63. Ukigawa 182 kwa 63, unapata kwamba kila milimita ya uso wa mzee huyu ni karibu nukta 2.9 kwenye foto hii. Kipimo hicho kikishapatikana, mambo mengi yanakuwa mepesi. Kama miwani ya marehemu ingali nyumbani, ipime kwa rula ya shule kutoka ukingo mmoja wa fremu hadi mwingine. Ikiwa ni milimita 138, basi kwenye foto inatakiwa kuwa na upana wa nukta 400. Siyo 350 kwa sababu inapendeza, wala 450 kwa sababu inaonekana vizuri. Kwenye miwani mingi, ndani ya mkono mmoja, kuna namba ndogo kama 50-18-140. Hizo ni milimita: upana wa kioo kimoja, nafasi ya puani kati ya vioo, na urefu wa mkono. Kama fremu imevunjika na umebaki mkono tu, namba hizo zitakusaidia kukadiria.

Baada ya hapo miwani inazungushwa digrii 15. Katika GIMP ni Shift+R. Katika mfano wetu jicho la kulia ndilo liko juu, kwa hiyo inazungushwa kinyume na mwendo wa saa, na namba inaandikwa -15.

Halafu inakuja sehemu ambayo wengi wanairuka: kuishusha. Mboni hazikai katikati kabisa ya vioo. Zinakaa juu kidogo ya katikati, kama milimita 3, na zinavutwa kidogo kuelekea pua. Miwani ikiwekwa mboni katikati kabisa, mzee anaonekana kama ameshtuka. Kwa hiyo ishushe nukta 9, lakini siyo wima kwenye ekra. Ishushe kufuata pua yake. Pua imelala digrii 15 pamoja na kichwa.

Kwa mwenye telefone tu, bila ordinatere, kuna njia ya mkato. Chukua kopi ya foto, izungushe mpaka macho yawe sawasawa kama maji kwenye sahani, weka miwani imenyooka, kisha rudisha foto nzima ilivyokuwa. Kila kuzungusha kunapunguza ukali wa foto kidogo, kwa hiyo njia hii inafaa kwa foto ndogo, siyo kwa kadre kubwa ya ukutani.

Uso ukigeuka, usidanganywe na macho

Tuseme mzee hakulalia bega tu, bali amegeukia kando pia. Utajua kwa pua: nafasi kutoka pua hadi ukingo wa uso ni kubwa upande mmoja na ndogo upande mwingine. Hapo kipimo cha mboni kinadanganya. Uso ukigeuka digrii 30, ile nafasi ya milimita 63 inaonekana kama 55 tu, na miwani ikipimwa kwayo inatoka ndogo, kama ya mtoto. Katika foto ya namna hiyo tafuta kipimo cha wima, kwa mfano kutoka mstari wa macho hadi kidevu, kwa sababu kugeuka kando hakufupishi urefu wa uso. Kipime kwenye foto nyingine ya mtu huyohuyo anayetazama mbele, ulinganishe.

Na umbo linabadilika. Kioo cha upande wa mbali kinakuwa chembamba, cha karibu kinabaki kipana. Mkono wa karibu unaonekana wote mpaka sikioni, wa mbali unapotea nyuma ya shavu. Kuna wanaojaribu kuivuta miwani iliyopigwa mbele kwa mbele ili ifanane na hivyo, kwa chombo cha Shift+P. Inawezekana kwa digrii chache. Zaidi ya hapo miwani inakuwa kama karatasi iliyobandikwa, kwa sababu picha ya mbele haina mkono wa pembeni ndani yake; huwezi kuvuta kitu ambacho hakikupigwa.

Njia iliyo bora ni ya zamani na haihitaji programu yoyote: piga foto mpya ya miwani ikiwa imevaliwa. Mtafute mtoto wa marehemu au ndugu mwenye uso wa upana unaofanana, avae miwani yenyewe, akae kwenye kivuli ambapo mwanga unatoka upande uleule kama kwenye foto ya mzee. Ageuze uso polepole mpaka sikio lake lionekane kiasi kilekile. Anayepiga asimame mbali, mita moja na nusu au mbili, telefone ikiwa kwenye urefu wa macho, halafu akate foto baadaye. Ukisogea karibu, katikati ya miwani inavimba na mikono inaonekana mifupi, na umbo hilo halitakubaliana na foto iliyopigwa kwa mbali. Kisha ni kukata fremu na mikono yake, siyo uso wa ndugu, na kuihamisha.

Mikono ndiyo inayosema ukweli. Mkono wa miwani hauishii hewani wala haupiti juu ya sikio lote. Unatoka kwenye bawaba, unapita kando ya kichwa, unaingia nyuma ya sikio pale linapoungana na kichwa. Sehemu iliyo nyuma ya sikio au nyuma ya nywele lazima ifutwe. Kwa mama mwenye misuko au kitambaa, mkono unaingia chini ya kitambaa mapema zaidi. Angalia pia kidevu: mtu akishusha kidevu, masikio yanapanda kwenye foto, kwa hiyo mikono inapanda kutoka kwenye fremu kwenda sikioni. Akiinua kidevu, inashuka. Miwani ambayo mikono yake inashuka kwenye uso unaotazama chini haitakaa hata ukiizungusha siku nzima.

Kofia inazunguka pamoja na shingo

Kwa kofia, kosa linalorudia kuliko yote ni kuizungusha mahali pake. Mtu anaiweka juu ya kichwa, anaona kichwa kimelala, anaipa digrii 15 hapohapo. Kofia inalala kweli, lakini inaelea juu ya sikio moja na kuacha upande mwingine wazi.

Sababu ni kwamba kichwa hakizunguki kwenye paji la uso. Kinalala kutoka shingoni, na kila kilicho juu kinasafiri kwenda kando. Turudi kwenye mfano wetu. Katikati ya mboni mbili ni karibu 500 kwa 506. Ukingo wa kofia, kama mzee aliivaa vidole viwili juu ya nyusi, uko karibu milimita 55 juu ya mboni, yaani nukta 160. Kama kichwa kingesimama wima, katikati ya ukingo ingekuwa juu kabisa ya 500. Lakini kichwa kimelalia kushoto kwa digrii 15, basi ukifuata mstari wa pua kwenda juu unafika 459 kwa 352. Kofia inasogea nukta 41 kwenda kushoto, na kwenye kichwa cha mtu hiyo ni zaidi ya sentimita moja. Ndiyo sentimita ile ambayo jicho linaiona bila kujua linaona nini.

Kwa hiyo chora mstari wa pili: kutoka katikati ya macho, wima juu ya ule mstari wa mboni, ukipita kwenye paji. Katikati ya kofia inakaa juu ya mstari huo, popote unapokwenda. Mzee aliyezoea kuivaa upande ni jambo jingine, na familia itakuambia.

Kofia pia inavaliwa chini kuliko watu wanavyoiweka. Haikai juu ya nywele kama sufuria juu ya mafiga. Inaingia, inafunika nywele zote za juu, na pembeni inafika karibu na juu ya masikio. Nywele zinazobaki kutokeza juu ya kofia zifutwe. Upana wake pale inapobana unatakiwa uwe sawa na upana wa kichwa juu ya masikio, pamoja na unene wa kitambaa.

Kisha tazama umbo la ukingo wa mbele. Ukingo wa kofia ni duara, na duara linaonekana tofauti kulingana na mahali macho ya kamera yalipo. Mzee akishusha kidevu, ukingo wa mbele unapinda kwenda chini kama bakuli, na juu ya kofia kunaonekana. Akiinua kidevu, unapinda kwenda juu kama upinde wa mvua, na chini ya ukingo kunaonekana. Kofia iliyopigwa foto ikiwa mezani, kutoka juu, ina ule mpindo wa kwanza. Ukiiweka kwenye uso ulioinuka, hakuna pembe itakayoiokoa. Ivalishe mtu, upige tena.

Kivuli, ukali, na mwanga kwenye vioo

Miwani haigusi ngozi isipokuwa puani na masikioni. Vioo viko mbele ya jicho kwa zaidi kidogo ya sentimita moja, kwa hiyo fremu inatupa kivuli chembamba kwenye shavu na kando ya pua. Upande gani? Angalia kivuli cha pua kwenye foto. Kama kimeangukia kulia, cha miwani nacho kinaanguka kulia na chini kidogo. Namna ya kukifanya ni kuchukua kopi ya fremu, kuipaka rangi ya kahawia iliyokoza badala ya nyeusi kabisa, kuisogeza nukta chache, kuilainisha, na kuiweka chini ya miwani kwa hali ya `Multiply`, nguvu kama asilimia 30. Kofia inataka kivuli kipana zaidi kwenye paji. Foto iliyopigwa siku ya mawingu karibu haina vivuli. Hapo weka kidogo sana tu.

Ukali wa picha unadanganya wengi. Foto ya mzee imetoka kwenye karatasi ya zamani iliyopigwa upya kwa telefone, kila kitu kimelegea, halafu miwani mipya inang'aa kama wembe. Hata mtu asiyejua lolote ataona kwamba imebandikwa. Linganisha ukingo wa fremu na ukingo wa kola ya shati: vinatakiwa vilegee sawasawa. Mara nyingi kulainisha miwani kwa nukta moja au mbili kunatosha.

Vioo vyenyewe visiachwe tupu kama dirisha lisilo na kioo. Mwanga mwembamba upande wa juu unatosha, usifunike mboni. Na kama mzee alikuwa na vioo vizito vya kusomea, macho nyuma yake yalionekana makubwa kidogo. Vya kuona mbali vinafanya kinyume, na ukingo wa shavu ndani ya kioo unaingia ndani. Kwa vioo vyembamba acha hivyo.

Foto isipelekwe wapi

Foto ya namna hii ni ya kadre, ya karatasi za matanga, ya kalenda ya familia. Si ya makaratasi ya serikali. Foto ya karte ya kura inapigwa na mashine ya CENI mtu akiwa pale, na kwa paseporti kofia na miwani vina masharti yake. Uso uliobadilishwa unaweza kukataliwa na kumletea mwenyewe maswali.

Na kuna kofia moja ya kukataa hata familia ikiomba: ya kijeshi kwenye kichwa cha raia. Kijana anaiona kama mapambo. Lakini foto inakaa kwenye telefone, telefone inapita barabarani kati ya Lubondja na Baraka, na kwenye bariere hakuna atakayetulia kusikiliza maelezo kwamba ni ya kubandikwa.

Kabla ya kuchapisha kubwa, chapisha moja ndogo ya sentimita 10 kwa 15. Igeuze juu chini uitazame: macho yakiacha kutambua uso, miwani iliyokaa upande inajionyesha yenyewe. Kisha mpe mtu wa nyumbani aliyemjua mzee, usimwambie kilichofanywa, uangalie macho yake yanasimama wapi. Foto ya asili ihifadhiwe pembeni na jina lake, kwa mfano `baba_asili.jpg`, na ile ya miwani `baba_miwani.jpg`, ili mtu asije akafuta ya kwanza akidhani ni ileile.